Hundi ikipotea, namba yake ndiyo ya kushikilia

Ukikosa karatasi ya hundi, usiishie kupiga simu benki. Simu ni ya kuwatahadharisha tu. Piga, kisha peleka barua ya kuzuia malipo siku hiyo hiyo, isainiwe na watia saini wote wanaotakiwa kwenye akaunti.

Kinachobeba zuio ni namba ya hundi. Mfumo hukamata namba uliyoandika, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa, hundi halisi inapita. Tuseme una duka Majengo, Dodoma, na kitabu kinaruka kutoka 000146 hadi 000149. Zimekosekana mbili, 000147 na 000148, zizuie zote. Halafu fungua kitabu mpaka mwisho, maana mwizi mjanja huchomoa karatasi za nyuma ambazo hutazifikia kwa wiki kadhaa.

Kama hundi ilikuwa imeshaandikwa, taja pia kiasi, tarehe na jina la mlipwaji. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wenye tarehe na saa. Saa ni muhimu sana: hundi iliyolipwa kabla ya barua kupokelewa haizuiliki tena, na hapo unaanza malalamiko ya wizi, pamoja na taarifa ya polisi.