Umekatwa mara mbili kwa kadi? Andika barua hivi

Nashughulikia malalamiko ya kadi katika benki moja hapa Mombasa. Barua nyingi za kukatwa mara mbili hukwama kwa sababu ya sentensi moja: "Siyatambui malipo haya." Ukiandika hivyo, tunalichukua kuwa dai la wizi. Kadi inafungwa na faili linakwenda kwa wachunguzi. Wewe malipo unayatambua. Unachokataa ni kukatwa tena.

Tuchukue mteja aliyenunua feni dukani Nyali kwa shilingi 8,450. Mtandao ulikatika, akaambiwa achomeke kadi tena, akapewa risiti akaenda zake. Baadaye akaona amekatwa mara mbili.

Hatua ya 1. Angalia kama malipo yote mawili yamekamilika. Moja likiandikwa PENDING kwenye simu, pesa zimeshikiliwa tu, na mara nyingi huachiliwa zenyewe baada ya siku chache. Andika barua pale mistari yote miwili inapotokea kwenye stetimenti.

Hatua ya 2. Rudi dukani na stetimenti. Duka linaweza kurudisha pesa kwa mashine ileile, na hiyo ndiyo njia ya haraka. Wakikataa, andika tarehe uliyokwenda na uliyezungumza naye.

Hatua ya 3. Tafuta nambari ya idhini ya kila malipo. Kwenye karatasi ya mashine huandikwa AUTH CODE au APPR CODE. Kama huna karatasi ya pili, iulize benki. Nambari zikifanana, idhini moja imetumwa mara mbili, na kesi ni nyepesi. Zikitofautiana, kadi ilikatwa mara mbili kweli, na duka litatakiwa lionyeshe kwamba liliuza vitu viwili. Hapo risiti ya bidhaa, ile iliyoandikwa "feni 1", ina nguvu kuliko karatasi ya mashine. Itunze.

Hatua ya 4. Andika barua, fupi:

> Kwa: Kitengo cha Malalamiko ya Kadi
> KUH: KUTOZWA MARA MBILI, KADI INAYOISHIA 4417
>
> Tarehe 14 Machi nilinunua feni moja katika duka la ________ kwa Sh 8,450. Stetimenti yangu inaonyesha makato mawili ya kiasi hicho, siku hiyo, duka hilo. Nakubali la kwanza na kupinga la pili. Tarehe 18 Machi niliomba duka linirudishie, likakataa. Naomba mnirudishie Sh 8,450. Nimeambatisha stetimenti na risiti.

Jina la duka liandike kama lilivyo kwenye stetimenti, hata likiwa tofauti na la kwenye kibao. Usiandike nambari nzima ya kadi, wala PIN, wala tarakimu tatu za nyuma.

Hatua ya 5. Peleka nakala mbili tawini. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Usichelewe: kwa kadi za Visa, dai la malipo yaliyorudiwa lina kikomo cha siku 120, na benki nayo huhitaji muda wa kulitayarisha. Ukirudishiwa pesa kwa muda uchunguzi ukiendelea, usizitumie bado. Duka likileta risiti mbili za mauzo, pesa hizo zitakatwa tena.