Kupanga matangazo ndani ya habari bila kumkera msomaji

Mvuvi mmoja wa hapa Malindi alinilalamikia kwamba kila alipotaka kufungua habari ya bei ya samaki katika tovuti yangu, alijikuta katika duka la viatu. Kosa lilikuwa langu: tangazo lilichelewa kufunguka, kisha likayasukuma maandishi chini wakati kidole chake kilikuwa tayari kinashuka. Mguso wa namna hiyo haumpatii mtangazaji mteja, na Google AdSense huyaondoa mapato ya miguso inayoiona si halali.

Hatua ya kwanza ni kuchagua makundi machache ya habari ambayo unaweza kuyalisha kila wiki. Mimi ninayo manne: Uvuvi, Utalii, Kaunti na Elimu. Makundi hayo ndiyo utakayomuuzia mtangazaji wa karibu, kwa kuwa muuza vipuri vya injini za boti hutaka kuonekana penye habari za uvuvi, wala hana haja na matokeo ya mitihani.

Pili, kiache kichwa cha habari, picha na aya mbili za mwanzo bila tangazo lolote. Tangazo la kwanza liweke baada ya aya ya tatu, mbali na kitufe au kiungo chochote, na juu yake andika wazi neno «Matangazo».

Hatua ya tatu ndiyo iliyomponya mvuvi wangu. Litengee tangazo nafasi yake kabla halijafika:

```css
.tangazo {
  min-height: 250px;
  margin: 24px 0;
}
```

Kimo hicho kinalitosha tangazo la pikseli 300 kwa 250. Tangazo lisipopatikana, usiifunge nafasi hiyo, kwani maandishi yataruka tena, safari hii kwenda juu. Weka humo tangazo ulilouza mwenyewe, hata likiwa la mkahawa wa jirani.

Kisha pima wingi wa matangazo kwenye simu. Viwango vya Better Ads Standards, ambavyo Chrome huvifuata inapozuia matangazo, havikubali matangazo yazidi asilimia 30 ya kimo cha habari. Habari yangu moja ilikuwa na pikseli 2,400 pamoja na matangazo matatu ya pikseli 250, yaani 750, ambayo ni asilimia 31. Nilipoondoa moja, zilibaki 500 katika 2,150, karibu asilimia 23. Habari fupi zaidi ya hiyo mimi huipa tangazo moja tu.

Mwisho, fungua ukurasa katika PageSpeed Insights uangalie CLS, kipimo cha jinsi vitu vinavyohama katika ukurasa, ambacho hakipaswi kuzidi 0.1. Hata kikiwa kizuri, ufungue pia kwa simu ya bei nafuu mahali penye mtandao dhaifu, uteremke polepole ukiutazama mstari mmoja: ukihama bila wewe kuugusa, ipo nafasi uliyosahau kuitenga.