Presha ya bibi: kupima 150/65 na kuelewa pengo lake

Juzi mwanafunzi wa uuguzi alimpima bibi wa miaka 74 aliyetoka Bahi, akaandika 118/65. Nilipompima mimi nikapata 150/65. Makosa hayo niliwahi kuyafanya, kwa hiyo naandika tulivyoyarekebisha.

Hatua ya 1. Apumzike dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo.

Hatua ya 2: papasa kabla ya kusikiliza. Hapa usiharakishe. Weka vidole kwenye mapigo ya kifundo cha mkono, jaza upepo mpaka mapigo yapotee, kumbuka namba, kisha toa upepo wote. Kwa bibi yalipotea kwenye 150. Sasa weka stethoskopu na ujaze hadi 180, yaani 30 zaidi. Mlio ulianza kwenye 150, ukanyamaza kwenye 138, ukarudi kwenye 118, ukaisha kabisa kwenye 65. Kimya hicho cha katikati hutokea zaidi kwa wazee ambao mishipa yao imekakamaa. Mwanafunzi alijaza hadi 130 tu, akaanzia ndani ya kimya, akadhani 118 ndiyo presha ya juu. Ndiyo maana kwa mzee napenda mashine ya mkono, na sikubali mtu aruke kupapasa.

Hatua ya 3: piga hesabu.

```
Pengo   = 150 - 65 = 85
Wastani = 65 + 85/3 = 93
```

Mjukuu wake ana 120/80: pengo 40, wastani 93 vilevile. (Kugawa kwa tatu kunafaa moyo ukipiga kwa kasi ya kawaida, ukienda mbio, wastani halisi huwa juu zaidi.)

Hatua ya 4: jiulize kwa nini wastani ni sawa lakini pengo limezidi mara mbili. Wastani hutegemea kiasi cha damu ambayo moyo unasukuma kwa dakika na ukinzani wa mishipa midogo. Pengo hutegemea damu ya pigo moja na jinsi mshipa mkuu unavyotanuka kuipokea. Mshipa wa mjukuu hutanuka, huhifadhi sehemu ya damu hiyo, kisha hujikunja moyo unapopumzika na kuisukuma mbele, kwa hiyo presha ya chini haishuki sana. Kwa bibi, nyuzi zinazonyumbuka zimekatika kwa miaka mingi ya kupigwa na mapigo ya moyo, nyuzi ngumu za kolajeni na chokaa zimechukua nafasi. Damu ileile inapandisha presha zaidi, na kwa kuwa kilichohifadhiwa ni kidogo, moyo ukipumzika presha inaporomoka.

Hatua ya 5: usiulaumu uzee haraka. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na vali ya mshipa mkuu inayovuja navyo hupanua pengo. Viganja vya bibi havikuwa vyeupe, na moyo haukuwa na mlio wa ziada.

Kabla daktari hajaanza dawa, tulimpima tena akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu, tuone kama presha inashuka. Dawa inayoshusha 150 itashusha na 65, na misuli ya moyo hupata damu yake nyingi moyo unapopumzika.