Kabla hujaacha bangi, pombe au vidonge vya usingizi: jiandae na ndoto

Kwanza jua unaacha nini. Bangi unaweza kuiacha siku moja. Vidonge vya usingizi ulivyomeza kwa wiki nyingi, hasa jamii ya diazepamu, usivikate ghafla, maana vinaweza kukuletea degedege. Daktari ndiye akupunguzie dozi kidogo kidogo. Anayekunywa pombe nyingi kila siku naye asiache kimyakimya peke yake. Siku mbili tatu za mwanzo akitetemeka na kuona vitu visivyokuwepo hali yuko macho, hizo si ndoto ninazozieleza hapa. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

Usianze wiki yenye mtihani au safari ndefu ya kuendesha gari. Mwambie unayelala naye, asije akadhani umerogwa ukianza kuweweseka.

Halafu elewa kinachokuja, kwa sababu mimi sikuelewa, na kikanigharimu.

Nilivuta msokoto kila usiku kwa miaka kumi na moja, na miaka hiyo yote nilijisifu kwamba sioti. Niliacha Jumapili. Usiku wa kwanza na wa pili niligaragara tu. Wa tatu ndoto zikafunguliwa kama bomba: nafukuzwa, nazama, naongea na watu waliokwisha kufa. Wa tano niliota navuta. Niliamka ladha ya moshi iko mdomoni, nikakaa kitandani gizani nikinusa vidole vyangu kimoja kimoja kuhakikisha sikuvuta kweli. Usiku wa sita nikasema basi, bangi nimeiacha, lakini bia tatu za kuniletea usingizi si dhambi.

Nililala kama gogo. Saa tisa usiku nikakurupuka, shuka limelowa jasho, moyo unadunda, na ndoto mbaya kuliko zote. Nikaongeza bia usiku uliofuata. Wiki mbili nikazunguka hapohapo.

Ni baadaye nilipopata maelezo. Usingizi una awamu iitwayo REM, ambapo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto zilizo wazi zaidi huja. Kwa mtu mzima huchukua kama moja ya tano hadi robo ya usingizi wa usiku, na sehemu kubwa yake huangukia kuelekea alfajiri. Bangi, pombe na vidonge vingi vya usingizi huibana awamu hiyo, kila kimoja kwa kiasi chake. Ubongo hauisahau. Mwaka 1960 mtafiti William Dement alieleza jinsi alivyowaamsha watu kila walipoanza kuota: kila usiku alilazimika kuwaamsha mara nyingi zaidi, na alipowaachia walale, waliota muda mrefu kuliko kawaida yao. Ni kama deni linalodaiwa. Ukiondoa kilichokuwa kinaubana, usingizi wa REM huja mapema, hukaa muda mrefu na huwa mkali, na kwa kuwa unaamkaamka katikati yake, ndoto unazikumbuka zaidi.

Sasa tazama bia zangu tatu. Pombe huibana REM nusu ya kwanza ya usiku, wakati bado iko kwenye damu. Mwili ukishaimaliza, ndoto zilizozuiwa huja kwa pamoja nusu ya pili. Ile saa tisa yangu haikuwa bahati mbaya. Nililikopea deni la bangi kwa pombe, nikadaiwa usiku uleule.

Kwa hiyo usibadilishe kimoja kwa kingine, wala usionje "kidogo tu" ili upumzike. Kwa bangi, wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Ndoto za ajabu zinaweza kuendelea mwezi na zaidi, zikipungua makali. Kwa pombe, usingizi wa mang'amung'amu unaweza kukokota miezi. Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya, na usilale mchana kufidia. Ukiota umerudia, huo si ushahidi kwamba utarudia. Wengi walioacha huota hivyo. Nusa vidole, kunywa maji, rudi kitandani.

Kama unatumia dawa za sonona, usiziguse kwa kujiamulia: nyingi nazo hubana ndoto, na kuziacha ghafla kuna mambo yake. Na kama unapiga ngumi au mateke usingizini, au unaruka kutoka kitandani, mwone daktari, kwa sababu kwenye REM misuli inatakiwa iwe imelegea. Mpaka umwone, ondoa meza yenye pembe kali karibu na kichwa, na kioo pia, na funga dirisha kama mnalala ghorofani.