Duka likiwa kampuni: hatua za kuitenga nyumba yako na madeni ya duka

BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, wakishatoa cheti cha usajili, kampuni ni mtu wa pili mbele ya sheria. Inamiliki mali, inadaiwa na inashtakiwa kwa jina lake. Wewe ni mwanahisa, na hasara yako inaishia kwenye thamani ya hisa ulizochukua. Lakini cheti peke yake hakihamishi hata kiberiti kimoja kutoka kwako kwenda kwa kampuni. Kazi hiyo ni yako.

1. Lipia hisa zako. Tuseme umechukua hisa 1,000 za shilingi 5,000 kila moja, ukalipa shilingi 3,000,000 tu. Kampuni inafilisika ikidaiwa 18,000,000, na bidhaa zilizobaki zinauzwa 6,000,000. Mfilisi, yaani anayekusanya mali ya kampuni iliyofilisika na kuwalipa wadai, atakudai zile 2,000,000 ambazo hukulipa. Zinapatikana 8,000,000, zinatolewa gharama za ufilisi, kisha wadai wanagawana. Deni linalobaki halikufuati nyumbani.

2. Iuzie kampuni duka, kwa maandishi. Andika mkataba wa mauzo wenye orodha ya bidhaa, friji, mizani na bei zake. Kampuni inaweza kukulipa kwa hisa. Kisha badilisha mkataba wa pango, leseni, akaunti ya benki na bima viwe kwa jina la kampuni.

Bima ndiyo husahaulika. Katika kesi ya Macaura ya mwaka 1925, mwenye shamba huko Ireland ya Kaskazini aliiuzia kampuni yake mbao, akabaki na bima kwa jina lake mwenyewe. Moto ukaziteketeza. Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, likaamua kwamba hana cha kulipwa, kwa sababu mbao zilikuwa za kampuni, ingawa hisa zote zilikuwa zake. Ukuta uleule unaoilinda nyumba yako ndio uliomzuia yeye.

Madeni ya kabla ya usajili yanabaki yako, mpaka mdai akubali kwa maandishi kwamba kampuni imeyachukua.

3. Saini kwa niaba ya kampuni. Kwenye oda na hati ya deni andika jina kamili la kampuni pamoja na neno Limited, kisha "kwa niaba yake", saini yako na cheo: Mkurugenzi. Ukiandika jina lako tu, muuzaji wa jumla ana haki ya kusema alikukopesha wewe.

4. Usichote droo. Ada ya shule ikitoka moja kwa moja kwenye mauzo ya siku, umechukua mali ya kampuni, na mfilisi anaweza kuidai irudishwe. Jilipe mshahara, au gawio pale faida ipo, na kila malipo yaandikwe. Ukikopa bidhaa kwa jina la kampuni huku ukijua haitalipa, huo ni ulaghai, na mahakama inaweza kukubebesha deni wewe binafsi.

5. Kabla ya kusaini mkopo, kagua kama kuna kifungu cha dhamana binafsi, yaani ahadi kwamba kampuni ikishindwa utalipa wewe. Benki nyingi huidai kwa kampuni ndogo, mara nyingi kwenye karatasi ya mwisho. Ukiisaini, kwa deni hilo umeuvunja ukuta kwa mkono wako. Ukilazimika, omba iwekewe kiwango cha juu kwa tarakimu na tarehe ya kuisha, na usiweke hati ya nyumba.