Somo: Kikombe cha karanga za maganda, kalori na protini zake (someni kabla ya kuuliza tena)

Kila wiki swali ni lile lile: "Nimekula kikombe kimoja cha karanga za kukaanga pale sokoni Majengo, niandike kalori ngapi?" Halafu watu wanajibu, mmoja 850, mwingine 530, mwingine 370, na wote wameona namba hizo mahali fulani. Naandika mara moja, mwingine akiuliza mtamwekea linki.

Tunazungumzia karanga kavu zilizokaangwa na maganda yake, zile za kupasua kwa vidole. Za kuchemsha nitazigusa mwishoni.

1. Nunua kikombe chako kama kawaida, na nyongeza uliyopewa ihesabu. Muuzaji akiwa na moyo, nyongeza ni kiganja kizima.

2. Pima uzito wote kabla hujapasua hata moja. Toa kwanza uzito wa bakuli au kifuko.

3. Kula, na kila usichokula kirudi kwenye bakuli lile lile. Hatua hii ndiyo inayoharibu hesabu za wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ganda la karanga ni jepesi mkononi, ndiyo maana mtu anaona halina maana. Lakini kwenye karanga kavu, gramu 100 zenye maganda hutoa punje gramu 65 hadi 75 tu. Theluthi moja hivi ya ulichopima ni ya kutupa. Na si maganda peke yake: kuna maganda matupu yasiyo na punje, punje zilizosinyaa, zilizoungua, na mchanga wa kukaangia ulioshika kwenye mikunjo ya ganda. Vyote virudi kwenye bakuli. Ukitupa maganda chini huku unaangalia mpira, hesabu imekufa, usijaribu kukisia. Utando mwekundu wa punje ukiula, umo ndani ya hesabu. Ukiupukusa, nao uende bakulini, ingawa uzito wake ni mdogo sana.

Onyo la pili: usichukue asilimia ya mwenzako. Karanga za muuzaji mmoja zinaweza kutoa 72, za jirani yake 66, na vikombe vikawa sawa kwa macho.

4. Pima mabaki, toa kwenye uzito wa mwanzo. Kinachobaki ndicho ulichokula.

5. Zidisha. Punje kavu zilizokaangwa zina kalori 585 hivi kwa gramu 100, na protini gramu 24 hivi. Kwa hiyo kila gramu ya punje ni kalori 5.85 na protini gramu 0.24.

Mfano. Kikombe cha plastiki cha chai, kimejazwa mpaka kilima: gramu 90 na maganda yake. Baada ya kula, bakuli lina gramu 27. Umekula punje gramu 63. Mara 5.85 ni kalori 370 hivi, na protini ni gramu 15.

Sasa angalia zile namba nyingine zinatoka wapi. Anayesema 530 amezidisha gramu 90 zote, yaani amekula maganda kwenye karatasi. Anayesema 850 amechukua "kikombe kimoja cha karanga" kwenye programu ya simu. Kikombe hicho ni cha punje zilizokwisha kumenywa, gramu 146 hivi. Kikombe cha sokoni kimejaa maganda na hewa kati ya maganda. Sawa kwa jina tu.

Za kuchemsha: punje imenyonya maji, kwa hiyo gramu 100 zina kalori 318 hivi na protini 13.5. Usichanganye namba za huku na za kule.

MASWALI

Kijana wa Area C: Mkuu, kwa kifupi kikombe kina kalori ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5. Mfano upo, na namba zake zipo.

Mama Wawili: Asante kwa somo, kaka. Mimi sina mizani ya jikoni. Nifanyeje?

Mwandishi: Mama, nunua vikombe vitano kwa muuzaji unayemzoea, kwa kikombe chake kile kile. Muombe mwenye duka la nafaka akupimie vyote pamoja, kamenye nyumbani, rudi na punje tu. Mizani ya duka haioni gramu tatu nne, ndiyo maana tunapima vitano. Ukipata kwa mfano gramu 450 na punje 310, gawa kwa tano: kila kikombe kina punje gramu 62, kalori 363 hivi. Utatumia namba hiyo mpaka muuzaji abadilishe mzigo au kikombe.

Msomi wa Nkuhungu: Kwa nini asilimia zipishane hivyo wakati karanga zote za Dodoma?

Mwandishi: Swali zuri. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Karanga ikishaingiza vikonyo ardhini inahitaji unyevu ili punje ijae. Mvua ikikatika hapo, ganda linakuwa limeshatengenezwa ila punje inabaki nyembamba au haipo kabisa. Ndiyo maana mwaka mbaya utaona kikombe kimejaa na tumbo halijajaa. Tikisa kiganja karibu na sikio: zinazogonga sana ndani zina punje ndogo kuliko ganda. Mbegu nayo ina sehemu yake, kuna zenye ganda nene.

Gym Makole: Sasa bro karanga si protini tupu? Nakula vikombe vitatu kwa siku natafuta kifua.

Mwandishi: Siyo tupu. Nusu ya uzito wa punje ni mafuta. Kwa vikombe vya mfano wangu, vitatu ni kalori 1,100 kupata protini gramu 45. Yai linakupa gramu 6 kwa kalori 70 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Gym Makole: Kwa hiyo unasema karanga mbaya?

Mwandishi: Sijaandika hivyo. Soma tena.

Dada Mpwapwa: Nilisikia protini ya karanga haijakamilika. Kweli?

Mwandishi: Kweli, dada. Ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino ambazo mwili haujitengenezei. Na ugali, uwe wa mahindi, mtama au uwele, una upungufu huo huo, kwa hiyo ugali na mboga ya karanga haviokoani. Maharage, kunde, choroko au maziwa vinaleta laisini. Mlenda wa karanga pembeni ya kunde ni mpango mzuri kuliko karanga peke yake.

Bodaboda Chamwino: Zile chungu mtu akikutana nayo ameze tu?

Mwandishi: Tema, na uiweke bakulini na mabaki. Punje chungu, yenye ukungu au iliyobadilika rangi inaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Hiyo ilihusishwa zaidi na mahindi, lakini karanga nazo ni chakula chake.

Mama Wawili: Mimi nakaanga mwenyewe kwa mchanga. Chumvi naiingizaje ndani ya ganda?

Mwandishi: Loweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha, anika mpaka zikauke kabisa, ndiyo ukaange. Ukiharakisha kuanika, ganda linaungua nje na punje inabaki mbichi. Na usipime zikiwa na unyevu, utaandika uzito wa maji.

Kijana wa Area C: Na karanga za mayai je, kikombe?

Mwandishi: Hizo zina unga, sukari na mafuta ya kukaangia. Somo lake halipo hapa.