Jinsi ya kumsalimu kiziwi asiyeona kwa kumgusa

Kila Jumapili baada ya ibada hapa Kayole ninaulizwa namna ya kumsalimu mama mmoja kiziwi asiyeona, ambaye mimi humfasiria kwa Lugha ya Ishara ya Kenya viganjani mwake, kwa hiyo leo ninaandika mara moja kwa wote.

1. Mkaribie polepole kutoka mbele au ubavuni.

2. Weka kiganja chako kati ya bega na kiwiko chake, ukitulize hapo hadi aonyeshe kwamba amekuhisi. Usimpigepige. Kwenye steji ya Kencom watu humgonga wakipita, na ni mguso unaotulia tu unaomwambia kwamba kuna mtu anayemhitaji.

3. Bila kuuinua mkono wako, uteremshe hadi kwenye kiganja chake, kisha uuingize chini ya chake. Mimi nilikosea hapa: nilimkamata kwa juu nikauvuta mkono wake uje uguse saa yangu, naye akaurudisha kifuani na kukataa mazungumzo hadi jioni. Mikono hiyo ndiyo anayosikilizia na kusemea, kwa hiyo anayeikamata amemziba masikio na kinywa kwa pamoja. Mkono wako ukiwa chini, yeye ndiye anayechagua kuupapasa au kuuacha. Akikaza vidole au akiuondoa mkono, subiri, usimfuate.

4. Jitaje kabla ya kumjulia hali. Mimi huacha aguse bangili yangu ya shaba, kisha chini ya kiganja chake ninafanya ishara ya jina langu, yaani vidole viwili vinavyogonga kifundo cha mkono mara mbili. Alama iwe ile ile kila siku, na kwenye mkono ule ule.

5. Ukiondoka, mwage, asije akaendelea kuzungumza na kiti kitupu.

Maswali ya wanachama

*Otieno:* Kwa nini nisimwache akisie mimi ni nani? Ananifahamu vizuri.

Usifanye hivyo. Hatua ya 4 imesema ujitaje. Kumtahini mtu si kumsalimu.

*Wanjiru:* Mwalimu, mimi ni mgeni na sina ishara ya jina. Nifanyeje?

Asante kwa kuuliza, dada. Ishara ya jina kwa kawaida hutolewa na viziwi wenyewe, kwa hiyo usijitungie. Ikiwa aliwahi kusoma maandishi ya kawaida kabla ya kupoteza uwezo wa kuona, mwandikie jina lako kiganjani kwa ncha ya kidole, kwa herufi kubwa, kila herufi mahali pale pale palipoandikwa ya kwanza, ukitua kidogo baada ya kila moja. Ukikosea, pangusa kiganja chake kama unayefuta ubao. Ikiwa hakuwahi kuzijua herufi hizo, mwombe mtu anayemfahamu akutambulishe, na uchague kitu utakachokivaa kila mnapokutana.

*Halima:* Je, manukato hayatoshi? Dada yangu humtambua shangazi kwa udi.

Yanasaidia, lakini ndani ya matatu iliyojaa harufu huchanganyika, na manukato hayo hayo huenda yamevaliwa na mwingine. Yaache yatangulie, kisha ufuatishe bangili. Na bangili hiyo usimwazime mtu.